Jinsi ya kulinganisha mabunge yenye ukubwa tofauti kwa grafu ya pau za asilimia mia

Kati ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, ni bunge lipi limetenga sehemu kubwa zaidi ya viti vyake kwa ajili ya wanawake? Ukihesabu viti tu, Uganda inaongoza kwa mbali: ilikuwa na viti 146 vya wawakilishi wanawake wa wilaya na miji katika bunge lililoanza 2021. Tanzania ilikuwa na viti maalumu 113 baada ya uchaguzi wa 2020, Kenya ina 47, na Rwanda ina 24 tu. Lakini Bunge la Uganda lilikuwa na wabunge 529, na Baraza la Wawakilishi la Rwanda lina 80. Kuziweka 146 na 24 bega kwa bega hakujibu swali letu, kwa sababu swali linahusu mgao wa viti ndani ya kila bunge.

Grafu ya pau za asilimia mia imetengenezwa kwa maswali ya aina hii. Kila kundi linapata pau moja, na pau zote zina urefu uleule, kundi liwe la watu 80 au 529. Pau hugawanywa vipande kulingana na sehemu ambayo kila aina inachukua katika kundi lake. Kuichora ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa iko kabla ya kuchora, kwenye kupanga aina, na baada ya kuchora, kwenye kuisoma. Nitatumia mabunge haya manne tangu mwanzo hadi mwisho, na nitatumia programu ya majedwali ya kawaida, ile ambayo karibu kila ofisi inayo.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja, na utaje "ya nini"

Kila asilimia ni sehemu ya kitu fulani. Kabla hujafungua kompyuta, andika: "Kati ya viti vyote vya bunge la nchi hii, ni asilimia ngapi vimetengwa kwa wanawake pekee?" Maneno "kati ya viti vyote" ndiyo yatakayoamua ugawanye kwa namba ipi.

Hili si jambo dogo. Ibara ya 66 ya Katiba ya Tanzania inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30, lakini asilimia hiyo hupimwa dhidi ya wabunge wa makundi mengine, si dhidi ya bunge zima. Ukichukua viti 113 na kuvigawanya kwa viti 280 vilivyobaki, unapata asilimia 40. Ukivigawanya kwa viti vyote 393, unapata karibu asilimia 29. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila ya pili tu ndiyo inayoingia kwenye grafu yetu, kwa kuwa pau inawakilisha bunge zima. Mtu akikuletea asilimia zilizokwisha kukokotolewa na nchi tofauti, kataa kwa upole na uombe idadi. Hujui kila mmoja aligawanya kwa nini.

Hatua ya 2: Panga aina ambazo zina maana moja katika kila kundi

Hapa ndipo grafu nyingi huharibika, na hakuna programu itakayokuonya.

Nilipoanza kupanga viti hivi, jina la kwanza lililonijia lilikuwa "viti vya majimbo". Kwa Kenya (290), Tanzania (264) na Uganda (353) jina hilo linafaa. Rwanda linakwama, kwa sababu wabunge wake 53 huchaguliwa kwa orodha za vyama na wagombea binafsi, si kwa majimbo. Basi tuseme "waliochaguliwa moja kwa moja na wananchi"? Hapo Rwanda inakaa vizuri, lakini Kenya na Uganda zinatoka. Wawakilishi wanawake 47 wa kaunti za Kenya huchaguliwa na wapiga kura wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake, kwa hiyo nao wamechaguliwa moja kwa moja. Wanawake wa wilaya wa Uganda ni vivyo hivyo. Kiti kimoja kingeingia katika aina mbili, na pau ingezidi mia.

Suluhisho ni kuacha njia ya uchaguzi na kuuliza jambo moja tu: nani anaruhusiwa kukikalia kiti hiki? Kwa swali hilo tunapata aina tatu. Kuna viti vya wazi, ambavyo mwanamke au mwanamume anaweza kuvigombea katika uchaguzi mkuu. Kuna viti vya wanawake pekee. Na kuna viti vingine, yaani vya makundi maalumu au vya uteuzi.

Aina hii ya tatu ni kapu, na kapu lazima lielezwe. Kwa Kenya ni wabunge 12 wanaoteuliwa na vyama kuwakilisha makundi kama vijana, wenye ulemavu na wafanyakazi. Kwa Uganda ni 30: kumi wa jeshi, na watano watano wa vijana, wenye ulemavu, wafanyakazi na wazee. Kwa Rwanda ni watatu: wawili wa vijana na mmoja wa wenye ulemavu. Kwa Tanzania ni 16: hadi kumi wa kuteuliwa na Rais, watano kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Viti hivi havifanani sana, lakini ni vichache kila mahali, kwa hiyo kuviweka pamoja hakupotoshi jibu la swali letu. Swali lingekuwa juu ya nguvu za uteuzi wa Rais, kapu hili lingekuwa kosa kubwa.

Kuna kona moja ya kuamulia. Katika wale kumi wa Rais wa Tanzania, Katiba inataka wasiopungua watano wawe wanawake. Je, viti vitano hivyo ni "vya wanawake"? Mimi naviacha kwenye viti vingine, kwa sababu Rais halazimiki kujaza nafasi zote kumi, na hakuna kiti mahususi kati ya hivyo kilichoandikwa kuwa cha mwanamke. Mwingine anaweza kuamua tofauti akawa na hoja. La msingi ni uamuzi uandikwe chini ya grafu, ili anayepinga ajue anapinga nini.

Uamuzi wa mwisho wa hatua hii ni kuhesabu viti, si watu waliopo. Wabunge hufariki, hujiuzulu, huhama, na nafasi za uteuzi hubaki wazi kwa muda. Viti vimewekwa kwa sheria na havibadiliki kila wiki. Spika asiyekuwa mbunge wa kuchaguliwa tumemwacha nje kote, na maseneti ya Kenya na Rwanda pia, kwa sababu Tanzania na Uganda hazina baraza la pili la kulinganisha nalo.

Hatua ya 3: Jaza jedwali, kisha ulikague kwa jumla uliyoipata kwingine

Weka kundi moja kwa kila mstari na aina moja kwa kila safu. Mpangilio wa mistari na safu ulio hapa chini una sababu, nitaufikia.

| Nchi | Viti vya wanawake | Viti vingine | Viti vya wazi | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Rwanda | 24 | 3 | 53 | 80 |
| Tanzania (2020) | 113 | 16 | 264 | 393 |
| Uganda (2021) | 146 | 30 | 353 | 529 |
| Kenya | 47 | 12 | 290 | 349 |

Nchi iko safu A, aina tatu ziko B hadi D, na jumla iko E. Usiiache programu ikujumlishie safu E. Andika kwa mkono jumla rasmi ya bunge kama inavyojulikana, kisha kwenye safu ya pembeni weka ukaguzi huu:

```
=SUM(B2:D2)-E2
```

Jibu liwe sifuri kila mstari. Likitoka namba hasi, kuna aina umeisahau. Likitoka chanya, kuna kiti kimehesabiwa mara mbili. Kwa Uganda, kwa mfano, ukisahau kundi la wazee utapata -5, na utajua moja kwa moja pa kutafuta.

Hatua ya 4: Geuza idadi kuwa asilimia, kwa kufuata mstari

Tengeneza jedwali la pili pembeni mwa la kwanza. Kuanzia kiseli G2, andika:

```
=B2/SUM($B2:$D2)
```

Ivute kulia mpaka I2, kisha chini mpaka mstari wa Kenya, halafu uzipe seli mwonekano wa asilimia. Alama ya dola iliyo mbele ya herufi inashikilia safu ili kila kiseli kigawanywe kwa jumla ya nchi yake.

Ukiiweka dola mbele ya namba za mistari badala ya herufi za safu na kujumlisha safu nzima, utapata asilimia za upande mwingine. Kwa nchi zote nne kuna viti vya wanawake 330, na Uganda inamiliki asilimia 44 yake huku Rwanda ikiwa na 7. Hilo ni jibu la swali la tofauti kabisa: kati ya viti vyote vya wanawake vya nchi hizi, kila nchi ina vingapi. Utalitambua kosa kwa kujumlisha: kila mstari wa nchi lazima ufike asilimia 100. Kama ni safu zinazofika 100, umegawanya kwa njia isiyo yako.

Haya ndiyo yatakayotoka:

| Nchi | Wanawake | Vingine | Wazi |
|---|---|---|---|
| Rwanda | 30.00% | 3.75% | 66.25% |
| Tanzania | 28.75% | 4.07% | 67.18% |
| Uganda | 27.60% | 5.67% | 66.73% |
| Kenya | 13.47% | 3.44% | 83.09% |

Rwanda iliyokuwa ya mwisho kwa hesabu ya viti sasa iko juu. Kenya nayo imejitenga na wenzake, na sababu yake inaeleweka: Katiba ya 2010 ilitoa kiti kimoja cha mwanamke kwa kila kaunti, na kaunti ni 47 dhidi ya majimbo 290. Uganda pia inafuata mipaka ya utawala, lakini wilaya zake ni nyingi. Rwanda imekaa juu ya 30 kamili kwa kuwa 24 ni asilimia 30 ya 80.

Hatua ya 5: Amua kipande kipi kiguse ukingo

Jicho hulinganisha vizuri vipande vinavyoanzia mahali pamoja. Katika pau zilizolala, kipande cha kwanza kushoto huanzia sifuri kwa kila nchi, kwa hiyo ncha zake zinapimika kwa kutazama tu. Kipande cha mwisho kulia kinaishia kwenye mia kwa kila nchi, nacho kinapimika. Vya katikati vinaelea: kimoja kinaanzia 30, kingine 13, na jicho linalazimika kukisia urefu.

Jaribu kuviweka viti vya wazi kushoto, vya wanawake katikati na vingine kulia. Kipande cha wanawake cha Rwanda kitaanzia 66, cha Tanzania na Uganda 67, cha Kenya 83. Utaona kwamba cha Kenya ni kifupi, lakini hutaweza kusema kama cha Rwanda kinakizidi cha Uganda bila kusoma namba. Sasa viweke vya wanawake kushoto kabisa, na jibu linaonekana mara moja.

Ndiyo sababu ya safu kupangwa vile kwenye jedwali: aina ya swali letu kushoto, aina kubwa kuliko zote kulia ambako nayo inapata ukingo, na kapu la viti vingine katikati. Hicho cha katikati ndicho kitakachosomeka kwa shida, basi acha kiwe kile kisicho na uzito kwenye swali. Ukiwa na aina tano au sita, fahamu kwamba mbili tu zitasomeka vizuri. Zikizidi tano, mimi huunganisha au huacha kabisa aina hii ya grafu na kuchora pau za kawaida za asilimia, grafu ndogo moja kwa kila aina.

Mistari nayo nimeipanga kwa ukubwa wa viti vya wanawake, si kwa alfabeti. Ngazi inayoshuka kutoka Rwanda hadi Kenya ndiyo habari yenyewe. Mpangilio wa alfabeti una faida pale tu ambapo msomaji anatafuta kundi lake kati ya mengi, kama kaunti 47.

Hatua ya 6: Chora, lakini usikimbilie kitufe cha asilimia mia

Programu zote kubwa zina grafu hii tayari. Excel inaiita `100% Stacked Bar`, Google Sheets `100% stacked bar chart`, na LibreOffice Calc `Percent Stacked`. Ukiipa idadi halisi, inakokotoa asilimia yenyewe na kunyoosha kila pau hadi mwisho.

Na hapo ndipo ninapokuwa na shaka nayo. Kwa kuwa inanyoosha kila pau ifike mia, inaficha upungufu. Sahau viti vya wazee vya Uganda, na pau itajaa vilevile, vipande vilivyobaki vikitanuka kuziba pengo bila mtu kujua. Kwa hiyo napendelea kuchagua grafu ya kawaida ya vipande, `Stacked Bar` kwa Excel, na kuilisha jedwali la asilimia tulilotengeneza. Kwa kuimarisha ukaguzi, fomula ya hatua ya 4 inaweza kugawanya kwa jumla rasmi ya safu E:

```
=B2/$E2
```

Sasa kilichosahauliwa kitaonekana kama pengo kwenye mwisho wa pau, na kilichohesabiwa mara mbili kitachomoza nje ya mia.

Kwa Excel: chagua majina ya nchi na safu tatu za asilimia, nenda `Insert`, kisha `Insert Column or Bar Chart`, kisha `Stacked Bar`. Mambo matatu yatahitaji mkono wako. Mhimili wa chini huenda ukafika asilimia 120, kwa hiyo bofya mhimili, fungua `Format Axis`, na kwenye `Maximum` andika 1.0. Pili, Excel hupanga pau zilizolala kuanzia chini, hivyo Rwanda itatokea mwisho. Bofya mhimili wa nchi na uweke tiki kwenye `Categories in reverse order`. Tatu, ukiona nchi zimekuwa rangi na aina zimekuwa pau, bonyeza `Switch Row/Column`. Hilo hutokea hasa pale aina zinapokuwa nyingi kuliko makundi.

Kama bado unataka kitufe cha asilimia mia, angalia usichague safu ya jumla pamoja na aina. Programu itaiona kama aina ya nne na kuipa nusu ya pau. Dalili yake haikosei: kwenye kila pau, kipande cha mwisho kinaanzia 50 kamili.

Pau zilale au zisimame? Kwa majina ya nchi yoyote inafaa, lakini tunataka kuandika idadi ya viti pembeni ya jina, na maandishi marefu hukaa vizuri pau zikilala. Zikisimama yanapinda shingo.

Kwa rangi, viti vya wanawake vipate rangi moja iliyokolea, na vingine viwili vipate kijivu viwili vya kutofautiana. Acha mstari mwembamba mweupe kati ya vipande. Grafu nyingi huishia kwenye karatasi iliyochapwa kwa wino mweusi au kwenye skrini ya simu juani, kwa hiyo ichape mara moja bila rangi uone kama vipande bado vinatengana. Majina ya aina yaandike moja kwa moja juu ya pau ya kwanza badala ya kisanduku cha pembeni.

Hatua ya 7: Weka namba kwenye vipande na ukubwa wa kundi pembeni

Grafu ya asilimia mia ya Excel ina tabia ya kushangaza: ukiomba lebo, inaandika idadi halisi, si asilimia. Mhimili unasema 30% na kipande kinasema 24. Kwa kuwa sisi tumechora kutoka jedwali la asilimia, tatizo hilo halipo. Chagua `Data Labels` na uzipe namba nzima bila desimali.

Ukizikadiria kuwa namba nzima, Kenya inasomeka 13, 3 na 83. Jumla yake ni 99. Uganda inasomeka 28, 6 na 67, jumla 101. Msomaji makini atajumlisha na kudhani umekosea. Kuongeza desimali moja hakuponyi: Kenya na Uganda zinarudi 100.0, lakini Tanzania inakuwa 28.8, 4.1 na 67.2, yaani 100.1, na Rwanda nayo inazidi hivyo hivyo. Usiibe alama moja kutoka kipande kimoja kukipa kingine ili jumla ipendeze. Bakiza namba nzima, na chini ya grafu andika: "Jumla inaweza kupungua au kuzidi 100 kidogo kwa sababu ya kukadiria." Urefu wa vipande unatokana na asilimia kamili, kwa hiyo pau zenyewe hazikosei.

Namba ya kipande chembamba cha 3% haitaenea ndani yake. Iache bila lebo, au iandike juu yake kwa herufi ndogo.

Kisha ukubwa wa kundi. Grafu hii imefuta makusudi tofauti ya 80 na 529, na msomaji anastahili kuambiwa. Kwenye jedwali la asilimia, badala ya jina tupu la nchi, weka:

```
=A2&", viti "&E2
```

Pau itasomeka "Rwanda, viti 80".

Hatua ya 8: Isome kama mtu anayetafuta kosa

Anza na tofauti ndogo. Rwanda ina 30, Tanzania 28.75. Ni rahisi kuandika "Rwanda yaizidi Tanzania". Lakini kiti kimoja cha Rwanda ni asilimia 1.25 ya bunge lake. Kiti kimoja cha wanawake kikigeuzwa kuwa cha wazi, Rwanda inabaki na 23 kati ya 80, ambayo ni 28.75, sawa na Tanzania. Kwa Uganda kiti kimoja hakifiki hata asilimia 0.2. Kundi likiwa dogo, kipande chake huruka kwa jambo dogo, na grafu haionyeshi hilo. Hapa tunahesabu viti vyote vilivyomo kisheria, hivyo tofauti ni ya kweli, ila haibebi kichwa cha habari. Kichwa cha habari kiko kati ya nchi tatu zilizo jirani ya 28 hadi 30 na Kenya iliyo kwenye 13. Ingekuwa ni kura ya maoni ya watu 80 dhidi ya watu 529, tofauti ya 1.25 isingestahili hata kutajwa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Grafu hii inaonyesha viti *vilivyotengwa* kwa wanawake. Haionyeshi wanawake wangapi wamo bungeni. Viti vya wazi navyo vinakaliwa na wanawake, na kwa Rwanda ni wengi: baada ya uchaguzi wa 2018 wanawake walikuwa 49 kati ya wabunge 80, zaidi ya nusu, wakati kipande chetu kinasema 30. Nchi hiyo ilivuka nusu kwa mara ya kwanza 2008. Kwa hiyo usishawishike kuchora mstari wa theluthi moja juu ya grafu hii ili kupima kanuni ya Kenya inayokataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili. Kanuni hiyo inapima watu waliomo, na pau zetu zinapima viti. Ukitaka kuonyesha watu, rudi hatua ya 2 na upange aina upya: wanawake wa viti vyao, wanawake wa viti vya wazi na vingine, na wanaume. Hapo vipande viwili vya wanawake vikae pamoja kushoto, ili mwisho wa kipande cha pili uonyeshe jumla yao.

Na ikiwa mhariri atakuuliza Uganda ina wanawake wangapi zaidi ya Kenya kwa viti hivi, usimjibu kwa grafu hii. Haina jibu hilo. Chora pau za kawaida za idadi pembeni yake, ndogo, 146 dhidi ya 47, na kila moja ifanye kazi yake.

Chini ya grafu mimi ningeandika hivi: "Mgao wa viti kisheria katika mabunge ya Rwanda, Tanzania (2020), Uganda (2021) na Kenya. Maseneti hayamo. Viti vingine ni vya makundi maalumu na vya uteuzi, wakiwemo kumi wa Rais wa Tanzania. Viti vya wazi vinaweza kukaliwa na wanawake." Mwaka usikosekane. Majimbo 290 ya Kenya yameandikwa kwenye Katiba, lakini ya Tanzania yaliongezwa kutoka 264 hadi 272 kwa uchaguzi wa 2025, na pau ya nchi hiyo inabidi ijazwe upya yote, viti maalumu na jumla rasmi pamoja, si safu ya majimbo peke yake.